Sura ya Saba: Robo Ijayo ni Tarehe Ngapi?

Mteja anayekuambia "nipigie robo ijayo" amekupa miezi mitatu bila kukupa siku hata moja. Wauzaji wengi huandika jina lake kwenye daftari, pembeni huandika "Oktoba", kisha humshukuru na kukata simu. Oktoba ikifika, mmoja hupiga tarehe mosi asubuhi na kumkuta mhasibu amezama katika kufunga hesabu za Septemba. Mwingine huona aibu kuonekana ana njaa, husubiri watu wapumue kidogo, na anapokuja kupiga katikati ya Novemba anaambiwa: "Ah, mbona tulishamaliza hilo jambo?" Kila mmoja alipiga ndani ya robo aliyoambiwa, na hakuna aliyepiga siku iliyofaa.

Kuahirishwa si tatizo. Ofisi yoyote yenye utaratibu huahirisha mambo, na mteja asiyeahirisha chochote huenda hana mamlaka ya kuamua chochote. Tatizo ni kwamba robo ni kipande cha kalenda, na kalenda haimfanyi mtu anunue. Mtu hununua kwa sababu kuna jambo limetokea: mkataba wa zamani umefika mwisho, bajeti imepitishwa, mkurugenzi mpya ameingia, mkaguzi ameandika hoja. Kazi yako kabla simu haijakatwa ni kujua ni jambo gani linalosubiriwa na linatokea lini. Ukishalijua, tarehe ya kupiga unaihesabu kutoka hapo kurudi nyuma, na mara nyingi inaangukia mahali ambapo wewe na mteja hamkupafikiria.

Robo ya nani?

Tuanze na neno lenyewe linavyotumika ofisini. Serikali ya Tanzania, sawa na za Kenya na Uganda, huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai na kuumaliza 30 Juni. Kampuni nyingi binafsi hufuata Januari hadi Desemba. Kampuni ambayo mama yake yuko India huenda ikafuata mwaka wa kule, unaoanza 1 Aprili. Mradi unaoendeshwa kwa fedha za serikali ya Marekani huhesabu mwaka kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Septemba.

Sasa chukua mwezi Agosti. Watu wanne wa ofisi hizo nne wanakuambia neno lile lile, "robo ijayo", na kwa wote wanne robo hiyo inaanza siku ile ile, 1 Oktoba. Lakini wa serikalini anaingia robo ya pili, na fedha zake zilikwisha kupangiwa matumizi kabla ya Julai. Wa kampuni ya Januari hadi Desemba anaingia robo ya mwisho. Bajeti ya mwaka huu inamwishia mkononi, na mezani kwake kuna rasimu ya mwaka ujao. Wa kampuni ya Kihindi amefika nusu ya mwaka, wakati wa kupima matumizi yalivyokwenda. Wa mradi ndiye peke yake anayefungua mwaka mpya. Ukiwapigia wote wiki moja kwa maneno yale yale, huenda mmoja tu ukawa umemkuta mahali pake.

Ndiyo maana swali la kwanza halipaswi kuwa "nikupigie tarehe ngapi?" Ukiuliza hivyo, mteja atakutajia tarehe yoyote ili mmalizane, na tarehe hiyo haitakuwa imefungwa na kitu. Uliza kwanza kitakachokuwa kimebadilika, halafu tarehe mtaipanga pamoja.

Na ukubali kuahirishwa waziwazi kabla ya kuuliza chochote. Anayesema "nipigie robo ijayo" anajiandaa kusikia ukibembeleza. Akisikia punguzo la ghafla la "ukinunua mwezi huu", anajifunza mambo mawili mabaya: kwamba bei yako ya mwanzo ilikuwa imepandishwa, na kwamba akikaa kimya itashuka tena. Mimi punguzo la namna hiyo silitoi.

Mfano wa magari

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Muuzaji wa mfumo wa kufuatilia magari, Dar es Salaam, anampigia meneja wa usafirishaji wa kampuni yenye malori yanayokwenda Lubumbashi kupitia Tunduma. Ni Jumanne, 18 Agosti 2026. Meneja ni mtu mzima, muuzaji ni kijana. Kampuni tayari ina mfumo wa mtu mwingine, na malalamiko yapo: lori likivuka mpaka taarifa za mafuta hupotea, zikirudi zina mapengo. Mazungumzo yamekwenda vizuri, kisha meneja anasema:

"Kijana wangu, nimekuelewa. Ila sasa hivi tumebanwa. Nipigie robo ijayo."

"Sawa mzee, nimekubali, sitakusumbua kabla ya wakati. Naomba niulize moja tu, nisije nikapiga siku mbaya. Robo ijayo kutakuwa na nini ambacho sasa hivi hakipo?"

"Mkataba wa hawa tulio nao unaisha Desemba. Hapo ndipo tutaangalia."

Hapa wengi hufurahi, wakaandika "Desemba". Lakini mkataba wa huduma ya kila mwaka mara nyingi una kifungu kinachosema utajihuisha wenyewe kwa mwaka mwingine kama hakuna upande uliotoa notisi. Kwa hiyo siku inayoamua mambo si ile ya mwisho wa mkataba. Ni siku ya mwisho ya kutoa notisi. Muuzaji anaendelea:

"Asante mzee. Na kama mkiamua kutoendelea nao, notisi ni siku ngapi?"

"Hilo sijui. Mpaka nimuulize mama wa fedha, ndiye anayekaa na mikataba."

Jibu hili lina thamani kuliko linavyosikika. Meneja anayetafuta njia ya kukata simu angesema tu "zipo, zipo" na kuaga. Huyu amejipa kazi ndogo. Muuzaji anaipokea kazi hiyo na kuifunga na siku:

"Basi mzee, nikupigie Ijumaa hii saa nne asubuhi, dakika mbili tu, unipe hiyo namba ya siku. Sitazungumzia bei wala kitu kingine."

Ijumaa, 21 Agosti, anapiga saa nne kamili, anaambiwa notisi ni siku 60, anashukuru, anakata. Ahadi ya dakika mbili ikitimizwa hivyo, meneja anaanza kuziamini tarehe za huyu kijana.

Sasa hesabu ya kurudi nyuma. Mkataba unaisha 31 Desemba. Siku 60 kabla ya hapo ni 1 Novemba, ambayo mwaka huo ni Jumapili. Barua ya notisi haipokelewi Jumapili, kwa hiyo inatakiwa iwe mikononi mwa upande wa pili ifikapo Ijumaa, 30 Oktoba. Barua hiyo haitaandikwa na meneja peke yake. Kampuni hii ina kikao cha menejimenti kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na ya Oktoba ni tarehe 26. Ili kikao kiamue, ripoti ya majaribio iwafikie wajumbe siku chache kabla, tuseme Jumatano ya tarehe 21.

Majaribio yenyewe ni nini? Meneja hatabadilisha mfumo wa magari yote kwa kuangalia picha kwenye simu. Atataka kuona kifaa kimefungwa kwenye lori moja au mawili, limekwenda Lubumbashi na kurudi, na taarifa za mafuta zimefika bila mapengo. Safari hiyo, pamoja na foleni za Tunduma na Kasumbalesa na kusubiri kupakua, inaweza kula wiki tatu, na mtu mwenye busara huongeza moja kwa ajili ya mpaka. Wiki nne kurudi nyuma kutoka Jumatatu ya 19 Oktoba, siku mbili kabla ya ripoti kutumwa, zinatua Jumatatu ya 21 Septemba. Siku hiyo vifaa viwe vinafungwa. Kufunga ni kazi ya saa chache, lakini lori lazima liwe yadi, halina mzigo, na dereva ameambiwa. Simu ya kupanga lori gani itangulie wiki moja: Jumanne, 15 Septemba.

Robo ijayo, basi, ni 15 Septemba, tarehe iliyo ndani ya robo hii hii.

Muuzaji hakumsukuma mteja. Alikubali kusubiri, akauliza maswali mawili, akahesabu. Angefuata maneno ya meneja kama yalivyo na kupiga, tuseme, 3 Novemba, wangezungumza kwa furaha mno kuhusu mkataba ambao tayari ungekuwa umejihuisha hadi Desemba 2027. Meneja naye angekuwa mkweli kabisa akisema: "Basi nipigie mwakani."

Hesabu hii usiifanye ukaificha. Imwambie mteja hatua kwa hatua, kwa sababu inamhusu yeye kuliko wewe. Hata akiamua kubaki na mfumo wa zamani, kujua kwamba 30 Oktoba ndiyo siku ya mwisho ya kujadiliana na wale wengine akiwa na nguvu ni faida kwake. Meneja wengi hawajui tarehe hiyo. Mkataba umelala kwenye faili la mtu wa fedha, na anayeumia na malori ni mtu wa usafirishaji.

Kuandika mlichokubaliana

Siku hiyo hiyo unapomweleza mteja hesabu na kukubaliana naye tarehe, kabla ya jioni, andika. Kama mmezoea kuwasiliana kwa ujumbe wa simu, tuma ujumbe. Kama ofisi yake ni ya barua pepe, tuma barua pepe na mwaliko wa kalenda. Ujumbe wa muuzaji wetu unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Asante kwa muda wako. Nimeandika tulivyokubaliana nisije nikasahau: siku ya mwisho ya notisi ni Ijumaa 30 Oktoba, kikao chenu ni Jumatatu 26 Oktoba. Nitakupigia Jumanne 15 Septemba saa nne asubuhi unitajie malori mawili, ili vifaa vifungwe Jumatatu 21 Septemba, yadi. Kwa upande wako ni kumwuliza mkuu wa yadi yapi yatakuwepo. Kama kuna nilipokosea, nisahihishe mzee."

Kila tarehe imeandikwa pamoja na jina la siku. Mtu akisoma "15 Septemba" anaipita tu, lakini akisoma "Jumanne 15 Septemba" anajiuliza Jumanne huwa na nini. Hapo ndipo atakapokumbuka kwamba Jumanne ana kikao cha usalama na kukuomba mhamie Jumatano, na atafanya hivyo sasa, si siku yenyewe. Halafu kuna kazi ya mteja, ndogo na ya bure. Asiyekuwa tayari hata kumwuliza mkuu wa yadi amekuambia jambo muhimu bila kutumia maneno makali. Na sentensi ya mwisho inamwachia nafasi ya kurekebisha, jambo ambalo ni rahisi kwa mtu mzima kulifanya kuliko kujibu "ndiyo, nakubali" kama anasaini hati.

Saa nayo iandikwe kwa uangalifu. Kwa meneja wetu "saa nne asubuhi" inatosha. Lakini kampuni nyingi za usafirishaji zina msimamizi aliyetoka nje, na kalenda ya kompyuta haijui saa zetu. Ukituma mwaliko, weka 10:00 kwenye mwaliko, na kwenye maelezo andika "saa nne asubuhi". Nimeona watu wawili wenye nia njema wakipishana kwa saa sita.

Kuhusu siku ya kuchagua pale ambapo hakuna notisi wala kikao cha kukuongoza, kalenda ya kodi inasaidia, hasa kama anayeamua ni mtu wa fedha. Kwa Tanzania, kodi ya mishahara inalipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani inawasilishwa kufikia tarehe 20. Kampuni inayofuata mwaka wa kawaida pia hulipa awamu za kodi ya makadirio kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiziweka tarehe hizo pamoja utaona kwamba siku za mwisho na za kwanza za robo ndizo mbaya kuliko zote, nazo ndizo wauzaji wanazopenda kupiga. Kati ya tarehe 8 na 17 mtu wa fedha anaweza kukusikiliza. Kwa Oktoba ondoa tarehe 14, Siku ya Nyerere, na kwa kawaida kesho yake pia, maana meza zinakuwa zimejaa. Mwezi wa Ramadhani, mteja anayefunga mpigie asubuhi. Alasiri atakujibu kwa adabu, lakini akili yake iko kwenye futari.

"Fedha hakuna"

Si kila anayeahirisha ana mkataba unaoisha. Mara nyingi ukiuliza kutabadilika nini, jibu ni "bajeti". Swali la kufuatia hapo ni lini bajeti inafungwa, kwa sababu siku inapoanza kutumika ni ya kuchelewa.

Katika kampuni ya Januari hadi Desemba, idara huandaa mahitaji yao kwenye Septemba na Oktoba, na bodi hupitisha Novemba au Desemba. Anayekuambia mwezi wa tisa "nipigie Januari, tutakuwa na bajeti mpya" anasema kweli, ila Januari bajeti hiyo itakuwa imekwisha kugawanywa. Ukiwa humo, utapewa oda ya manunuzi. Ukiwa nje, utapewa chai. Jibu linalofaa ni hili: "Nitakupigia Januari kama ulivyosema, dada. Ila ili Januari tuwe na cha kuzungumza, rasimu ya idara yako inakwenda kwa mtu wa fedha lini? Nikuandalie makadirio ya ukurasa mmoja uyaweke humo, si lazima uyanunue." Akikutajia 9 Oktoba, tarehe yako ni wiki moja kabla ya hapo, na kitu cha kupeleka ni ukurasa mmoja wenye jumla ya mwaka mzima, kodi ikiwa ndani, na sentensi inayoeleza gharama ya kubaki kama walivyo. Usipeleke profoma. Profoma ina muda wa kuisha, na Januari itaonekana imepitwa.

Serikalini mwanya ni mwembamba zaidi. Taasisi za umma Tanzania huanza kuandaa bajeti za mwaka ujao miezi mingi kabla, Bunge hujadili kati ya Aprili na Juni, na hotuba ya bajeti kuu husomwa Juni. Tarehe 1 Julai mwaka unapoanza, kila taasisi ina mpango wake wa ununuzi wa mwaka, na ununuzi wenyewe unapitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika 2023. Kwa hiyo afisa anayekuambia mwezi Aprili "njoo Julai, mwaka mpya wa fedha" huenda anakuambia, bila kukusudia, uje umechelewa mwaka mzima. Muulize mambo mawili tu: bidhaa hii imewekewa kasma, na imo kwenye mpango wa ununuzi? Kama imo, muulize imepangwa kutangazwa robo gani, na jukumu lako ni kuhakikisha umesajiliwa kwenye NeST katika kundi husika kabla ya hapo. Kama haimo, usipige Julai. Tarehe yako ya kweli ni Novemba au Desemba, wakati idara inayotumia bidhaa inapokusanya mahitaji ya mwaka unaofuata, na mtu wa kuzungumza naye ni mkuu wa idara hiyo, wala si afisa ununuzi. Maswali haya ni halali, na mpango wa ununuzi si siri. Ukivuka hapo ukaanza kuulizia vigezo vya zabuni ambayo haijatangazwa, umetoka kwenye mauzo na kuingia kwenye kosa.

Hapana yenye adabu

Kuna maana ya tatu, na kwetu ndiyo ngumu kusikia: mteja hataki, na anakuheshimu kiasi cha kutotaka kukuambia. Huwezi kumkamata kwa kumkazia macho. Dalili iko kwenye jambo linalosubiriwa. Mwenye sababu ya kweli hutaja kitu, hata kwa mkato: mkataba, bodi, mzigo, mkurugenzi yuko likizo. Asiye nayo hurudia kalenda: "We nipigie tu, robo ijayo, tutaona." Ukiuliza mara ya pili kwa njia nyingine na bado ukapewa kalenda, usiulize mara ya tatu. Mpe mlango:

"Sawa dada. Na kama kwa sasa hamna mpango wa kubadilisha, niambie tu bila wasiwasi, nitakushukuru, maana sitaki kukupigia kila mwezi ukaanza kuikimbia namba yangu."

Wengi hupumua hapo na kusema ukweli. Wengine, na hawa ndio wanaonishangaza mpaka leo, hupinga: "Hapana, hapana, tunahitaji, ila bosi mpaka arudi kutoka India tarehe 12." Jambo na tarehe vimetoka vyenyewe kwa sababu umeondoa hofu ya kubembelezwa.

Wakati mwingine maneno yanakuja kwa maandishi, mstari mmoja kwenye simu: "Nipigie robo ijayo." Hapo huna nafasi ya maswali mawili. Tuma moja linalojibika kwa neno moja: "Sawa kaka. Bajeti yenu ya mwaka ujao mnafunga Oktoba au Novemba? Nikutafute wiki mbili kabla." Ukiandika aya tatu, hazitasomwa.

Siku ikifika

Piga saa uliyosema. Usianze na "nilikuwa nakukumbusha tu" wala "nakusalimia mzee, habari za siku nyingi", ukasubiri yeye akumbuke wewe ni nani. Salamu zikiisha, anza na kile mlichokiandika: "Mzee, Agosti tulisema leo unitajie malori mawili, ili ripoti iwahi kikao cha 26 Oktoba." Kwa sentensi hiyo amerudi pale mlipoishia. Hahitaji kusikiliza tena sifa za kifaa.

Asipopokea, tuma ujumbe mfupi unaotaja jambo lile lile na kwamba utapiga kesho yake saa ile ile. Piga kesho. Simu tano kwa asubuhi moja zinafuta kazi yote ya dakika mbili za ile Ijumaa.

Anaweza pia kupokea na kuahirisha tena. Hapa tofautisha. Kama malori yote yamekwama Kasumbalesa na hakuna hata moja yadi, hilo ni jambo, na hesabu inafanywa upya: muulize lini la kwanza linarudi, kisha mwambie wazi kinachobaki. "Likirudi tarehe 28, mzee, safari ya Lubumbashi haitawahi kikao. Tufunge kwenye la Mbeya, linalorudi ndani ya wiki, tupate angalau taarifa za mafuta?" Majaribio ya Mbeya hayatajibu swali la mpaka, na usijifanye kwamba yatajibu. Lakini yanaweza kutosha kwa menejimenti kuandika notisi, au kuwaomba wale wa zamani mkataba wa miezi mitatu badala ya mwaka, na wewe ukamalizia safari ndefu ndani ya miezi hiyo.

Kama ameahirisha bila jambo, kwa "mambo mengi kijana, tusubiri kidogo", mkubalie mara moja, ukimtajia tena siku ya notisi ambayo haisogei. Akirudia mara ya pili bila jambo, mpe ule mlango. Baada ya hapo jina lake litoke kwenye makisio ya mauzo unayompelekea bosi wako. Mauzo ya kwenye makisio yanapaswa kuwa na vitu vitatu: jambo linalosubiriwa upande wa mteja, siku litakapotokea, na kazi moja ambayo mteja mwenyewe amekubali kuifanya. Palipoandikwa "robo ijayo" peke yake hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na bosi akiuliza Oktoba kwa nini hayajaingia, hutakuwa na jibu zaidi ya kalenda.

Fungua orodha yako ya sasa hivi. Kila penye jina lenye mwezi bila siku, mpigie huyo mtu wiki hii umuulize swali moja tu: mwezi huo kutakuwa na nini?